Krosposti si posti moja

"Kaka, posti ni ileile moja. Mbona Facebook wameiona watu 40 na Instagram 300?"

Aliyeniuliza ni dada mmoja wa Tanga anayeuza keki. Swali hilo nimelisikia kwa wengi, na karibu kila mara kosa liko kwenye neno "moja". Kukrosposti, kwa maana inayotumika siku hizi, ni kuandika tangazo sehemu moja halafu programu ikalipeleka kwenye mitandao kadhaa. Ukiiwekea saa ya kulipeleka, hapo umepanga posti. Maana ni hiyo tu. Linalowapotosha watu ni historia ya neno lenyewe.

Neno hili tumelirithi kutoka Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na kuanza kutumika 1980 kule Marekani, miaka mingi kabla ya Facebook. Mtu aliyetaka kuuliza jambo la mapishi ya Afrika angeweza kulipeleka kwenye makundi mawili kwa kuandika mstari mmoja juu ya ujumbe wake:

```
Newsgroups: soc.culture.african,rec.food.cooking
```

Hiyo ndiyo ilikuwa krosposti. Ujumbe ulikuwa mmoja kweli, wenye namba moja ya utambulisho, na seva iliuhifadhi mara moja tu. Ukishausoma kwenye kundi la kwanza, programu ya kusomea iliweza kukuonyesha kwamba umeshasomwa hata kwenye kundi la pili. Aliyeandika ujumbe uleule mara mbili na kuutuma kila kundi peke yake hakuambiwa amekrosposti. Hilo lilikuwa na jina lake, *multiposting*, na watu walilikemea kwa sababu majibu yalitawanyika: wa kundi hili hawakujua wenzao wameshajibu nini.

Sasa tazama programu za leo zinafanya lipi kati ya hayo mawili. Zinafanya la pili. Ukibonyeza kitufe, programu inagonga mlango wa Facebook, ule uitwao API, na kusema: tengeneza posti mpya kwenye ukurasa huu, maneno ni haya, picha ni hii. Halafu inaenda kugonga mlango wa Instagram na kuomba upya. Zinazaliwa posti mbili zisizojuana. Kila moja ina namba yake na maoni yake, na kila moja inaanza na laiki sifuri. Ile ya Instagram ikipendwa na watu 300, ya Facebook haipati hata chembe ya sifa hiyo, kwa kuwa mtandao mmoja hauna habari na wa pili.

Maana ya zamani haijafa kabisa. Facebook wanalitumia neno hili kwa video za kurasa: video iliyopakiwa mara moja inaweza kuonekana kwenye kurasa kadhaa, na mwenye video akaona jumla ya watazamaji. Hiyo ni krosposti ya asili. Kuna pia jambo la tatu, kushea kiungo, ambalo nalo linabebeshwa jina hilohilo. Hadi mwishoni mwa 2012, picha ya Instagram iliyopelekwa Twitter ilikuwa kiungo tu, ila Twitter ilikifungua na kuonyesha picha. Desemba mwaka huo Instagram wakaondoa ruhusa hiyo, na wafuasi wa Twitter wakabaki wanaona maneno na kiungo. Waliodhani picha zao "ziko" Twitter walishtuka. Hazikuwahi kuwako.

Turudi kwa yule dada. Nilimwomba anionyeshe tangazo lake kwenye simu, tukafungua nakala zote mbili na kuzilinganisha.

Picha aliitengeneza kwa ajili ya stori: upana pikseli 1080, urefu 1920. Programu yake huzikata picha ndefu za Instagram zifikie uwiano wa 4 kwa 5, yaani 1080 kwa 1350. Ukitoa 1350 kwenye 1920 unabaki na 570, na kwa kuwa programu inakata kutoka katikati, pikseli 285 ziliondoka juu na 285 chini. Namba yake ya simu ilikuwa chini kabisa. Watu 300 waliona keki, na hakuna aliyeona pa kupiga.

Maneno nayo yaliharibika. API inapokea maandishi makavu. Haijui ulimkusudia nani. Alipoandika `@` na jina la mpambaji mwenzake, Instagram ilimtambua kwa sababu jina hilo ni la huko. Facebook ililiacha kama maandishi ya kawaida, halibonyezeki. Kiungo cha kuagizia keki kikafanya kinyume: Facebook kilifunguka, Instagram hakikufunguka, kwa kuwa maelezo ya picha kule hayana viungo vya kubonyeza. Angekuwa na akaunti ya kawaida ya X, angekutana pia na ukomo wa herufi 280, na huko kila kiungo kinahesabiwa 23 hata kiwe kirefu au kifupi vipi.

Kisha saa. Alitaka tangazo litoke saa moja jioni, akaandika 19:00. Programu ilikuwa imewekwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Tangazo likatoka 22:00 ya Tanga, saa nne usiku. Wateja wake wa Facebook ni akina mama wa mtaani, na muda huo wengi wameshalala. Asubuhi nakala hiyo ilikuwa imefunikwa na posti nyingine. Wa Instagram ni vijana, na wao walikuwa macho.

Yeye alikuwa ameshahukumu: "Facebook wanaziadhibu posti za programu." Dhana hiyo ina mzizi wa kweli. Miaka ya nyuma, mnamo 2011, Facebook ilikuwa ikizikusanya pamoja posti zilizotoka kwenye programu moja, na nyingi zikafichika chini ya ile ya juu. Lakini kwa tangazo la keki sikuhitaji kwenda mbali hivyo. Saa ilitosha kueleza. Na hata saa ingekuwa sawa, kuna mengine: aliyepanga posti mara nyingi hayupo inapotoka, hivyo maoni ya kwanza yanakaa bila jibu. Ukitaka kujua kama programu yako inakupunguzia watu, weka wiki kadhaa posti za aina moja kwenye mtandao uleule, saa ileile, siku moja kwa mkono na siku inayofuata kwa programu. Picha ilinganishe na picha, kiungo na kiungo. Kulinganisha Facebook na Instagram hakukuambii chochote kuhusu programu.

Dada alibadilisha mpangilio wa saa kuwa wa Afrika Mashariki, akapandisha namba ya simu juu kidogo ya jina la keki, na sasa anaandika maelezo mawili tofauti. Juzi akaniambia, "Kaka, nimeposti ile moja ya harusi kote kote." Nikamwambia: umetuma nakala mbili, dada. Fungua ya pili nayo uisome.