Ukikisia maandishi ya mashine, hauko mbali na kurusha sarafu

Katika mafunzo ya nusu siku tuliyoyaendesha hapa Dar es Salaam, ukumbi ulikuwa na watu 40: walimu wa sekondari, maofisa wa rasilimali watu, wahariri wawili watatu, na mzee mmoja mstaafu aliyesema amekuja kwa sababu mjukuu wake anamtania. Kabla ya kusema neno lolote niligawa karatasi zenye maandishi matano mafupi. Kazi ilikuwa moja, kuandika pembeni ya kila andishi kama limeandikwa na mtu au na mashine ya akili mnemba. Hakuna aliyekuwa amefundishwa chochote.

Tuliposahihisha, dada mmoja wa mstari wa nyuma alikuwa amepata zote tano, na ukumbi ukampigia makofi. Mwenzake akasema, "Huyu ana jicho, mimi nilijua tu." Nami nikaomba tusubiri kidogo na hayo makofi.

Tuchukulie kwamba hakuna hata mmoja kati yao mwenye jicho, na wote 40 wamerusha sarafu mara tano. Uwezekano wa mtu mmoja kupatia zote tano ni moja katika 32. Kwa watu 40, basi, unamtegemea mmoja apate zote bila kujua lolote, na wengine sita hivi wapate nne. Ushindi wa dada yetu ungeweza kutokea hata kama karatasi zingekuwa tupu. Alicheka, lakini niliona hakufurahi sana.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu akipatia mara mbili tatu anajiamini, na zile alizokosea hazijui kabisa, kwani andishi la mashine halirudi kumwambia kwamba lilimpita.

Utafiti ulioliweka jambo hili wazi ulitolewa mwaka 2021 na Elizabeth Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington na Taasisi ya Allen ya akili mnemba, kule Marekani. Walichukua maandishi ya Kiingereza ya aina tatu, yaani hadithi fupi, habari za magazeti na maelezo ya mapishi. Mengine yaliandikwa na watu, mengine na mashine mbili za wakati huo, GPT-2 na ile iliyofuata, GPT-3. Kwa kila aina na kila mashine walitafuta wasomaji 130 wa kawaida, kila mmoja akasoma maandishi matano. Kwa GPT-2 wasomaji walipatia karibu asilimia 58. Kwa GPT-3 walipatia asilimia 50, yaani sawasawa na sarafu. Hapo nyuma yake kuna hukumu mamia kwa mamia, kwa hiyo bahati ya mtu mmoja mmoja imeshamezwa.

Matokeo hayo si ya pekee. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Stanford waliwapima watu wapatao 4,600 kwa maelezo mafupi ambayo mtu hujieleza mwenyewe, kama ya kutafuta kazi, kupangisha nyumba au kutafuta mchumba. Walipata asilimia kati ya 50 na 52.

Kwa nini watu wazima wanaosoma kila siku washindwe kiasi hicho? Sidhani ni uvivu. Wanaangalia kwa makini, ila wanaangalia mahali pasipo na jibu. Nitaonyesha kwa maandishi mawili kati ya yale tuliyoyagawa, yote kuhusu pilau. La kwanza:

"Osha mchele vzr uchuje. Kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya kahawia ila usikiunguze pilau itakua chungu. Tia thomu, tangawizi na bizari ya pilau, alafu nyama ulokwisha chemsha. Supu yake usiimwage ndio utakayopikia."

La pili:

"Loweka mchele kwa dakika 30, kisha uchuje. Kaanga vitunguu hadi viwe na rangi ya kahawia, kisha ongeza vitunguu saumu na tangawizi. Weka nyama mbichi ya ng'ombe pamoja na mchele na ukoroge taratibu. Funika sufuria kwa dakika 15 hadi nyama ilainike na ladha zote zichanganyike vizuri."

Ukumbi uligawanyika, na ugomvi wenyewe ulikuwa mtamu kuusikiliza. Mwalimu mmoja alisema la kwanza ni la mtu kwa sababu lina "vzr" na "alafu", na mashine haiwezi kuandika hovyo hivyo. Mwenzake aliyekaa naye meza moja akasema hilohilo la kwanza ni la mashine, kwa sababu mashine haikijui Kiswahili vizuri na ndiyo maana imekosea tahajia. Alama ni ileile, hukumu mbili zinazopingana. Kina Clark waliliona jambo hili katika maelezo ya wasomaji wao. Watu walitaja sarufi, tahajia na mtindo mara nyingi zaidi kuliko maana ya kilichoandikwa, na sifa ileile mmoja aliitumia kuthibitisha mtu na mwingine akaitumia kuthibitisha mashine. Ule utafiti wa 2023 ulikuta kwamba msomaji akiona "mimi" au habari za familia hukimbilia kusema huyu ni mtu. Kwa kuwa kanuni hizo zinatabirika, watafiti waliweza kutumia mashine kutoa maandishi yanayozifuata, na wasomaji wakayaona ni ya binadamu kuliko yale ya binadamu wenyewe.

Aliyetegua pilau letu alikuwa mama mmoja aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Alisoma la pili, akaliweka chini, akauliza, "Nyama mbichi ya ng'ombe iive dakika 15 ndani ya mchele? Na hiyo pilau bila bizari wala hiliki, ni pilau gani?" Hakugusa nukta wala koma. Alikwenda moja kwa moja jikoni. La pili ndilo lilikuwa la mashine.

Mzee mstaafu, ambaye alikuwa ametia alama ya "mtu" kwenye la pili kwa sababu ni safi, alikiri kwamba hajawahi kupika pilau maishani. Kukagua maana kunataka ujue jambo lenyewe. Yule mama angepewa habari ya soko la hisa, huenda naye angeangalia nukta na koma kama sisi wengine.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Kina Clark walijaribu njia tatu fupi kwa makundi mapya ya wasomaji. Kundi la kwanza lilipewa maelekezo ya maandishi, ya kuwaambia wapi pa kuangalia. La pili lilipewa mifano: unasoma andishi, unakisia, kisha unaambiwa jibu na sababu zake. La tatu lilipewa maandishi mawili yenye mwanzo mmoja, la mtu na la mashine, ili walinganishe. Iliyosaidia zaidi ni ile ya mifano, na ikawafikisha asilimia 55. Hata hivyo ongezeko hilo halikuwa thabiti katika aina zote tatu za maandishi kiasi cha kusema kwa uhakika kwamba mafunzo yamefanya kazi.

Mimi naisoma hivi: mafunzo mafupi humhamisha msomaji kutoka kwenye tahajia kwenda kwenye maana, na hilo ni jambo la kweli. Lakini kumwambia mtu aangalie maana hakumpi maarifa ya jambo analolisoma, wala hakumzoeshi mkono wa mashine.

Mazoea hayo yapo, ila hayapatikani kwa saa moja. Mwaka 2025 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani wenye makala 300 za Kiingereza. Watu watano ambao kila mara hutumia mashine hizi katika kazi zao za kuandika walizisoma, na uamuzi ukawa wa wengi wape. Walikosea makala moja tu kati ya 300. Hao hawakuwa na siri ya kufundishwa darasani. Walikuwa wamesoma maandishi ya mashine siku baada ya siku hadi wakaujua mwendo wake, maneno inayoyapenda, namna inavyofunga aya, kama fundi cherehani anavyoitambua kazi ya mwenzake kwa mshono. Na tukumbuke walifanya kwa lugha yao, tena kwa makala ndefu, si kwa aya moja ya pilau.

Dada mmoja ofisa wa rasilimali watu aliuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta: je, kwa asilimia 55 hawezi angalau kuchuja barua za maombi ya kazi? Tukafanya hesabu ubaoni. Tuseme una barua 100, na 10 kati yake zimeandikwa na mashine. Tuseme pia unapatia asilimia 55 kwa barua za pande zote mbili. Kati ya zile 10 utakamata tano au sita. Kati ya 90 zilizoandikwa na watu wenyewe, utakosea asilimia 45, yaani barua 40 hivi. Ukiinuka mezani utakuwa umetia alama barua 46, na 40 kati ya hizo umewasingizia wenyewe. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Mwalimu wa kidato cha nne akasema taratibu kwamba muhula uliopita alimpa mwanafunzi sifuri kwa sababu insha yake "ilikuwa safi mno".

Hapo ndipo nilipowaambia wasitegemee jicho kuamua jambo linalomgusa mtu. Mwombaji ukimwita na kumuuliza miradi aliyoitaja kwenye barua, dakika tano zitakuonyesha kama anaijua kazi, na hilo ndilo unalolitafuta, awe amesaidiwa kuandika au la. Mwanafunzi mwombe rasimu zake za mwanzo, au mkalishe chini akueleze aya ya tatu kwa maneno yake.

Tulimaliza kwa karatasi nyingine ya maandishi matano, baada ya saa moja ya mifano. Dada wa mstari wa nyuma alipata tatu. Mzee mstaafu, aliyeanza na mbili, akapata nne, akainua karatasi yake juu na kuniuliza kama ni mafunzo au ni bahati. Nilimwambia kwa maandishi matano sina namna ya kujua, kwamba angehitaji kusoma kama 400 ndipo tofauti ya asilimia 50 na 55 ianze kuonekana. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akasema atampelekea mjukuu wake hivyohivyo ilivyo.