Hati ya kiapo ya wazee: kila jina hubadilisha hesabu ya mirathi

Mume mwenye wake kadhaa akifa bila kuacha wosia, mali yake hugawanywa kwa kufuata kifungu cha 40 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160. Kifungu hicho huanza kwa kuhesabu watu. Kila nyumba, yaani mke mmoja na watoto wake, hupata mafungu kulingana na idadi ya watoto wake, na mke aliye hai huongezwa kama fungu moja. Ndiyo sababu familia nyingi hugombana juu ya orodha ya majina kabla mpima ardhi hajafika shambani, na wazee huitwa kuiapia katika hati ya kiapo.

Chukua mzee wa Muhoroni aliyeacha ekari 24 za miwa na nyumba tatu. Nyumba ya kwanza ina mama aliye hai na watoto watano, mafungu sita. Mama wa nyumba ya pili alikwisha kufa, lakini watoto wake watatu wapo, mafungu matatu. Nyumba ya tatu ina mama na watoto wawili, mafungu matatu. Jumla ni 12, kila fungu ekari mbili: nyumba ya kwanza ekari 12, ya pili sita, ya tatu sita.

Sasa wazee waapishwe na kuacha mabinti wawili wa nyumba ya pili kwa kuwa "wameolewa Bungoma." Mafungu yanabaki 10, kila moja ekari 2.4. Nyumba ya pili inaporomoka kutoka ekari sita hadi 2.4, na kijana aliyebaki pale ndiye wa kwanza kwenda kortini. Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba anayeficha mabinti wa nyumba yake mwenyewe hujipunja. Nyumba ya kwanza ikinyamaza kuhusu mabinti wake wawili, mafungu yake yanakuwa manne kati ya 10, yaani ekari 9.6 badala ya 12. Binti ni mtoto kwa sheria hii, awe ameolewa au la. Kama hataki sehemu yake, aandikwe kwanza, kisha aseme mwenyewe mbele ya mahakama.

Orodha rasmi huapwa na mwenye kuomba usimamizi wa mirathi katika fomu P&A 5, naye huambatanisha barua ya chifu inayotaja warithi. Hati ya kiapo ya wazee haichukui nafasi ya hizo mbili. Huzitia nguvu pale chifu ni mgeni wa lokesheni, pale ndoa zilikuwa za kimila zisizo na cheti, au pale nyumba moja inadai nyingine si ya boma lile.

Basi nani aape? Umri na cheo havitoshi. Mahakama humtaka mtu aseme anachokijua mwenyewe, na alichoambiwa ataje aliyemwambia. Ndugu wa marehemu aliyepeleka ng'ombe wa mahari ana uzito kuliko mzee wa kijiji aliyehamia miaka mitano iliyopita. Wazee watatu wanatosha kabisa, ilimradi wasitoke nyumba moja. Mmoja akitoka upande wa kwao mke anayebishaniwa, hati huwa ngumu kupingwa. Kila mzee aandike jinsi anavyomfahamu marehemu, tangu lini, na kama ana faida yoyote katika mali hiyo.

Mwili wa hati huandikwa kwa aya zenye nambari. Marehemu atajwe kwa majina yote yaliyo kwenye kitambulisho, cheti cha kifo na hati miliki, hata kama yanatofautiana, na wazee waseme kuwa ni mtu yule yule. Kisha zifuate nyumba moja moja kwa mpangilio wa ndoa: jina kamili la mke na la baba yake, aina ya ndoa, mwaka, kilichotolewa kama mahari na waliokuwepo. "Mama Otieno" si jina la kupeleka kortini. Chini ya kila mke waje watoto wake kwa kuzaliwa, nambari ya kitambulisho au mwaka wa kuzaliwa, wanakoishi, na kama yu hai.

Watoto waliokufa ndio huleta makosa mengi. Waandikwe pia. Aliyekufa akaacha watoto, watoto hao husimama mahali pake na kugawana fungu lake, kwa hiyo majina yao yawekwe chini yake. Aliyekufa kabla ya baba yake bila kuacha mtoto huandikwa hivyo, naye hahesabiwi. Ukimruka tu, mpinzani atasema mmeficha mtu.

Zipo nafasi nyingine tatu ambapo wazee huteleza. Ya kwanza ni mke wa kimila aliyeolewa wakati marehemu tayari ana ndoa ya kanisani. Wengine humfuta kwa sababu "mwenye pete ni mmoja," lakini kifungu cha 3(5) humtambua kama mke kwa mambo ya urithi. Ya pili ni mke aliyerudi kwao. Wazee wasiamue kwamba aliachika. Waandike aliondoka lini, na kama ng'ombe walirudishwa au la. Ya tatu ni mtoto wa nje. Kifungu cha 3(2) humhesabu mtoto ambaye marehemu alimkubali kuwa wake au alijitwika malezi yake kwa hiari na kwa kudumu. Basi hati iseme nani alilipa karo, nani alimleta nyumbani, na kama alitambulishwa mbele ya ukoo. Na pale ambapo mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu kwa mila ya Waluo ya tero, mwaka wa kuzaliwa kila mtoto uandikwe bila kuzungushwa. Mila inaweza kumwita mtoto wa marehemu, lakini mahakama itataka kujua alizaliwa lini baada ya kifo.

Kabla ya kutia sahihi, linganisheni orodha na programu ya mazishi. Karatasi hiyo hupatikana karibu kila boma, imechapishwa na familia yenyewe, na mawakili hupenda kuitoa mfukoni wakati mzee anahojiwa. Jina lililo kwenye programu na halimo kwenye hati linahitaji maelezo.

Kiapo chenyewe huapwa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu, mzee akiwepo. Hati iliyotiwa sahihi nyumbani ikapelekwa mjini kupigwa muhuri ni batili kwa namna ambayo wakili mzuri ataigundua kwa swali moja: "Mzee, ulikaa wapi ulipoapa?" Wakili wa kesi hiyo hiyo hawezi kuiapisha, mzee aende kwa mwingine. Mzee asiyesoma asomewe yote kwa Dholuo, Kiluhya au Kikalenjin, na aliyemsomea aandike chini kwamba alifanya hivyo na mzee akaelewa, kabla ya dole gumba. Mahali na tarehe vijazwe. Viambatisho, kama nakala za vitambulisho na cheti cha kifo, vipewe alama na muhuri wa kamishna.

Jina likigunduliwa baada ya kuwasilisha, familia ipeleke hati ya ziada kabla ya usimamizi kuthibitishwa, jambo ambalo kwa kawaida huwa baada ya miezi sita tangu usimamizi kutolewa. Likinyamaziwa, aliyeachwa anaweza kuomba usimamizi wote ufutwe kwa kifungu cha 76, kwa hoja kwamba mahakama ilifichwa jambo la msingi, na anaweza kufanya hivyo hata baada ya uthibitisho. Wazee walioapa uongo nao huulizwa kivyao, kwa kuwa kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai.