Dame: ukuta wa pembeni unalinda nani?

"Kete ikiwa pembeni hakuna mtu anaweza kuila. Sasa mbona wazee wa dame wanakatazaka kupeleka kete pembeni mapema?"

Ni kweli, kete ya pembeni hailiwi. Ili ukule kete lazima uiruke na uangukie nafasi tupu ya nyuma yake, na nyuma ya pembeni hakuna nafasi. Shida ni kwamba ile sheria inalinda yeyote mwenye kufika pembeni, hata adui mwenye ametoka kukula kete yako. Na kete yako yenyewe, ikisha kaa pale, inabaki na njia moja tu ya kwenda mbele.

Watu wengi, kuanzia Birere mpaka Majengo kule Goma, wanachezaka kama vile kete salama ni kete nzuri, basi mtu anajaza kete zake kwa ukingo, mbili huku tatu kule, anajisikia amejifunga vizuri, kisha baadaye anashangaa mbona kila kete akisogeza inaliwa. Hajaliwa pembeni hata mara moja! Analiwa akitoka pembeni. Kutoliwa na kuwa na nguvu ni vitu viwili tofauti. Mtu mwenye kuegemea ukuta hapigwi nyuma, sawa, lakini mtu mmoja tu akisimama mbele yake anatosha kumfunga pale siku nzima.

Tuone kwenye ubao wenyewe, ule wa nafasi 100, kila mtu na kete 20. Nafasi nyeusi ni 50, zinahesabiwa kuanzia juu kushoto, na nyeupe iko chini, kwa 31 mpaka 50. Nyeupe ikianza inaweza kupeleka kete ya 31 kwa 26, ukingo wa kushoto kabisa, ao kupeleka ya 32 kwa 28, katikati.

Kete ya 26 inaweza kwenda 21 peke yake. Ile ya 28 iko na 22 na 23. Tofauti ya njia moja inaonekana ndogo, lakini inakua kila hatua: ukihesabu kama ubao uko tupu, kutoka 28 mpaka mstari wa pili wa adui kuna njia 16, kutoka 26 kuna 6 tu. Na kwenye mstari wa mwisho, pale kete inageuka dame, ya 28 inaweza kufika nafasi zote tano, ya 26 inafika tatu.

Lakini njia siyo shida kubwa, shida kubwa ni kurudisha, maana yake kukula ile kete imekula yako. Tuseme nyeupe imecheza 31-26, nyeusi ikajibu kitu cha mbali, 20-25. Sasa nyeupe inasukuma 26-21. Nyeusi inakula na kete ya 17, inaruka 21, inaanguka kwa 26, ile ile nafasi nyeupe imetoka kuacha. Utairudisha na nini? Iko pembeni, hailiwi. Umepoteza kete moja bure, na ile ya 17 ilikuwa haijasogea hata kidogo tangu mchezo uanze, imekaa tu kwake na ilikuwa imekufunga.

Fanya jambo hilo hilo katikati. Nyeupe 32-28, nyeusi 20-25, nyeupe inasukuma 28-22. Nyeusi ya 17 inakula, inaanguka kwa 28, nyeupe ya 33 inairudisha na kukaa kwa 22. Nyeusi ya 18 nayo inakula ile, inaanguka kwa 27, nyeupe ya 31 inairudisha. Hesabu: mbili kwa mbili. Sisemi 28-22 ni mchezo mzuri pale, lakini haikugharimu kete, juu kila mahali adui anaangukia kuna nafasi nyuma yake na kuna mtu wako wa kumwangalia.

Njo maana pia wanasema ukipata kukula kwa njia mbili, kula ukielekea katikati. Hiyo siyo amri. Kwa mfano 32-28 17-22, 28 inakula mpaka 17, nyeusi inaweza kurudisha na 11 ikaanguka 22, ao na 12 ikaanguka 21, na wachezaji wakali wanatumia zote mbili. Na katikati nako siyo paradiso: kete yenye imeenda mbele peke yake inazungukwa na kuwa mzigo.

Kete ya 26 nayo haijafa. Ufunguo wake ni ile 17 ya adui. Ikitoka pale, hakuna ingine imeingia, na 22 iko wazi, ukisukuma 26-21 ni 16 tu inaweza kukula, inaanguka 27, na 32 yako inairudisha, moja kwa moja. Mpaka hapo iache itulie, usiisukume juu tu umekosa cha kucheza.