Kurahisisha Hadithi ya Mtoto: Nini Kipunguzwe, Nini Kibaki

Kurahisisha hadithi ni kuiandika upya ili mtoto anayeanza kusoma aweze kuisoma mwenyewe, bila mtu mzima kumdakia kila neno. Wengi huchanganya kazi hii na kufupisha. Hadithi inaweza kufupishwa na bado ikawa ngumu kama jiwe, na inaweza kurahisishwa ikawa ndefu kuliko ilivyokuwa, kwa sababu marudio humsaidia msomaji mchanga na marudio yanakula nafasi.

Mtoto wa Gredi ya Kwanza kule Kisauni au Majengo hakosi Kiswahili. Hadithi amezisikia kwa bibi yake, na akiambiwa "Paukwa!" anajibu "Pakawa!" kabla hujafunga mdomo. Sikio lake liko mbele sana ya jicho lake. Kinachomlemea ni kuunganisha herufi kuwa silabi, silabi kuwa neno, na kufika mwisho wa neno kabla hajasahau mwanzo wake. Basi tunachopunguza ni mzigo wa jicho. Utamu ambao sikio limeuzoea hauna sababu ya kupunguzwa, na hadithi nyingi huharibikia hapo hapo.

Mzigo wenyewe haupimwi kama unavyopimwa katika Kiingereza. Kanuni maarufu ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948 huangalia urefu wa sentensi na wingi wa silabi katika maneno. Ukiichukua ilivyo, itakuambia kwamba "anakula" ni neno gumu kwa kuwa lina silabi nne, ilhali hakuna mtoto Mombasa asiyelijua. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu na hutamkwa zilivyoandikwa, kwa hiyo silabi nne peke yake si tatizo. Ugumu wetu umejificha kwenye kitenzi, pale nafsi, wakati, kirejeshi na kiwakilishi cha mtendwa vinaporundikwa katika neno moja.

Tuchukue sentensi hii, ya aina inayopatikana kwa urahisi katika hadithi zinazoandikwa kwa ajili ya watoto:

"Hapo zamani za kale, kulikuwa na kaa mmoja aliyeishi kando ya kivuko cha Likoni, ambaye kila alipoliona jahazi likipita alitamani mno kulipanda, lakini hakuthubutu kwa kuwa alikuwa akiyaogopa mawimbi yaliyokuwa yakipiga kwa kishindo."

Ni Kiswahili kizuri, na ukimsomea mtoto atakuelewa. Mpe aisome mwenyewe, ina maneno 33 kabla ya nukta. "Alipoliona" lina silabi sita, a-li-po-li-o-na, na ndani yake mna mtu, wakati uliopita, "pale ambapo", na jahazi, vyote kabla hajafika kwenye kuona. "Li" ya kwanza ni wakati, "li" ya pili ni jahazi. "Akiyaogopa" nalo lina silabi sita, na irabu mbili zimekaribiana katikati, mahali ambapo msomaji mchanga hujikwaa. Akifika "kishindo", kaa amekwisha kumtoka akilini.

Mtu mwenye haraka hurekebisha hivi: "Kaa anaona jahazi. Kaa anataka jahazi. Kaa anaogopa. Bahari ni kubwa." Inasomeka, ila haina hadithi. Imekuwa orodha ya mambo yanayoonekana kwenye picha. Kilichoiua zaidi ni "na" ya wakati uliopo. Waandishi huikimbilia wakidhani ndiyo nyepesi, lakini hakuna bibi anayesimulia kwa "anaona, anataka, anaogopa". Husimulia kwa "ka": akaona, akataka, akaogopa. Ile "ka" ni silabi moja tu, konsonanti na irabu, hakuna nyepesi kuliko hiyo, na inafanya kazi ya "halafu", "baada ya hapo" na "ndipo" kwa pamoja. Ukianza na "li" mara moja kuonyesha kwamba jambo limepita, "ka" itabeba yaliyobaki. Kwa maoni yangu, ukiitoa "ka" katika hadithi ya Kiswahili umeng'oa uti wake wa mgongo.

Hivi ndivyo ningeiandika hadithi ya kaa yule, kwa kurasa nne:

Paukwa? Pakawa!
Kaa alikaa Likoni,
kando ya maji.

Jahazi likaja.
"Nipande? Nisipande?"
Wimbi likaja, pwaa!
Kaa huyoo, shimoni!

Jahazi la pili likaja.
"Nipande? Nisipande?"
Wimbi likaja, pwaa!
Kaa huyoo, shimoni!

Jahazi la tatu likaja.
"Nipande? Nisipande?"
Wimbi likaja, pwaa!
Likamwinua kaa.
Kaa huyoo, jahazini!

"Ambaye", "kila alipoliona" na "yaliyokuwa yakipiga" vimeondoka. Kutamani na kutothubutu, ambavyo sentensi ya kwanza iliviita kwa majina yake, sasa vimeingia kwenye maneno ya kaa mwenyewe: "Nipande? Nisipande?" Hisia haikupotea. Imehama kutoka kwa msimulizi ikaenda kwa mhusika, na mtoto akiisoma anaipandisha sauti bila kuambiwa. Maneno hayo mawili yanatofautiana kwa silabi moja tu, "si", kwa hiyo aliyeshinda la kwanza ana robo tatu ya la pili mkononi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa mara zote mbili umeangukia "pa". Mapigo hayo ndiyo yanayomfanya aisome kama wimbo.

Kishindo cha mawimbi kimekuwa "pwaa!" Tanakali ni hazina tuliyopewa bure na lugha yetu, na inasikitisha kwamba ndiyo hufutwa kwanza mtu anapotaka maandishi "safi". Chubwi, pu, tifu, jii, fofofo: ni fupi, zinasomeka kwa pumzi moja, na zinabeba picha ambayo vinginevyo ingehitaji sentensi nzima. "Pw" ina ugumu wake kwa anayeanza, lakini inakuja mara tatu mahali pale pale, na kufikia ukurasa wa tatu mtoto hahangaiki nayo tena. "Huyoo" nayo ni ya mdomoni kabisa. Inaonyesha mbio bila kitenzi, na kwenye ukurasa wa mwisho linabadilika neno moja tu baada yake, "shimoni" kuwa "jahazini". Mtoto aliyedhani amekwisha kuikariri hadithi analazimika kuangalia herufi, na anachokikuta ni mwisho mwema.

"Jahazi" sikuligusa. Ningeweza kuweka "boti", lina silabi mbili badala ya tatu, lakini jahazi lina tanga, lina sauti yake, na ni la pwani hii. Neno la namna hiyo huachwa kwa masharti: lionekane kwenye picha, lirudiwe, na lisiwe na wenzake wengi ukurasa huo huo. Ukiweka jahazi, omo, foromali na nanga katika mistari minne, umegeuza hadithi kuwa somo la msamiati.

"Likamwinua" lina silabi tano na "mw" katikati, na ndilo neno zito kuliko yote humo. Nililiacha kwa sababu ndipo hadithi inapogeuka, kile alichokiogopa kaa ndicho kinachompandisha, na pia kwa sababu sarufi hainipi ruhusa. Kwa kitu kisicho na uhai unaweza kukitupa kiwakilishi cha mtendwa: "alipanda jahazi" ni sawa, huna haja ya "alilipanda". Kwa kiumbe hai huwezi. "Likainua kaa" itamkera sikioni mtoto yeyote wa Mombasa, hata kama hajui kwa nini. Kurahisisha kunakozaa Kiswahili kibovu hakumsaidii, maana sikio ndilo linalomsaidia kukisia neno ambalo jicho limekwama nalo.

Lahaja ni jambo la kuamua mapema. Nyumba nyingi za Mji wa Kale husema "ndoo" pale kitabu kinaposema "njoo", na mtoto akiliona limeandikwa hivyo darasani atafikiria chombo cha kutekea maji. Kwa kitabu cha kwanza mimi hubaki na sanifu, na ladha ya Kimvita naiachia sauti ya anayesimulia.

Kuna kazi nyingine isiyohusu maneno hata kidogo, nayo ni mahali pa kukata mstari. Kata pale pumzi inapokatika. "Kaa alikaa Likoni, / kando ya maji" inasomeka. "Kaa alikaa Likoni, kando / ya maji" inamwacha mtoto ananing'inia, kwa sababu "ya" haiachani na nomino inayoifuata wala ile iliyoitangulia. Wachapaji hukata popote penye nafasi, kwa hiyo mwandishi aangalie kurasa zilizokwisha pangwa, si maandishi yake tu.

Hayo yote hupimwa kwa kumsikiliza mtoto akisoma, wewe ukiwa na nakala yako na kalamu. Kipimo kinachotumiwa sana na walimu wa kusoma ni kwamba akikwama zaidi ya mara moja katika kila maneno kumi, maandishi bado yanamzidi. Lakini kukwama si alama pekee. Angalia anachokisoma badala ya ulichoandika. Akisoma "akiogopa" pale ulipoandika "akiyaogopa", amekurekebishia. Sikio lake limechagua umbo jepesi lililo sahihi, nawe lichukue. Akiikariri "Nipande? Nisipande?" huku macho yapo kwenye picha, funika picha kwa kiganja uone kama maneno bado anayaona. Na akisoma kila kitu bila kosa kwa sauti iliyolala, kama anayesoma majina ya rejista, tatizo si lake. Umeyaondoa mapigo pamoja na ugumu.

Zipo hadithi zisizokubali kazi hii. Ile inayosimama juu ya wimbo mrefu wenye maneno ya kale, au juu ya fumbo linalojibiwa kwa mchezo wa maneno, ukiipunguza hadi silabi tatu tatu hubaki na mifupa. Hiyo mwache mtu mzima aisome kwa sauti hadi Gredi ya Tatu au ya Nne, na mtoto apewe kile kiitikio peke yake, kimeandikwa kwa herufi kubwa chini ya ukurasa, akisome kila zamu yake inapofika.