Kabla ya Kujenga Apu, Andika Swali

Katika semina zetu hapa Nairobi, mtu akisimama kueleza wazo lake, mara nyingi huanza na apu. Itafanya hiki na kile, na fundi ameshataja bei. Mimi humwuliza kwanza: ni jambo gani ambalo, likiwa si kweli, biashara yako yote inaanguka?

Mzunguko wa jenga, pima, jifunze, ambao Mmarekani Eric Ries aliuandikia kitabu mwaka 2011, hutajwa kuanzia kujenga. Kuupanga ni kinyume chake. Unaanza na unachotaka kujua, unaamua utakijua kwa kipimo gani, kisha ndipo unatafuta kitu kidogo kabisa cha kukuletea jibu. Kitu hicho ndicho bidhaa ya awali. Kidogo hapa maana yake si kibovu. Ukimpelekea mteja nyanya zilizopondeka akakukataa, umejua tu kwamba watu hawapendi nyanya zilizopondeka.

Tuchukue mfano. Kijana anataka kujenga apu ambayo mama mboga wa Kayole wataagizia bidhaa kutoka soko la Marikiti, wasilazimike kuamka saa tisa usiku. Fundi anataka shilingi laki tatu na miezi minne. Wazo zima limesimama juu ya dhana moja: kwamba mama mboga atalipa shilingi 150 kuletewa mzigo badala ya kuufuata mwenyewe.

Dhana hiyo haihitaji apu. Inahitaji mama mboga 20 wa mtaa mmoja, kundi la WhatsApp, namba ya kulipia, na tuktuk ya kukodi kwa wiki mbili. Anayeenda sokoni alfajiri ni kijana mwenyewe. Na zile 150 zilipwe kweli tangu siku ya kwanza. Ukimwuliza mtu kama atanunua, atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Akitoa pesa mfukoni ndipo amekujibu.

Kabla ya kuanza, anaandika kipimo kwenye daftari: katika wiki ya pili, angalau 10 kati ya 20 waagize mara mbili au zaidi bila kupigiwa simu. Namba hii isipoandikwa mapema, matokeo yoyote yataonekana mazuri. Nimeona watu wakijivunia walioingia kwenye kundi, au waliojiandikisha. Idadi hiyo hupanda tu, haishuki, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha kwamba umekosea.

Tuseme wiki ya kwanza wameagiza 14, na ya pili wakafikisha kipimo wanne tu. Hapa wengi hukata tamaa, au hukimbilia kupunguza bei. Afadhali aende akakae kwenye vibanda vya wale kumi walioacha. Pale ataona mama akibonyeza nyanya moja moja kwa kidole gumba: ngumu anaziweka chini zimfikishe siku ya tatu, zilizoiva anazipanga juu ziishe leo. Kazi hiyo hamwachii mtu mwingine, kwa kuwa faida yake imo humo. Tatizo halikuwa ile 150. Ni kwamba kijana alijichukulia kazi ya kuchagua.

Basi mzunguko wa pili unabadilisha kitu kimoja tu: vitunguu na viazi peke yake, ambavyo haviozi upesi. Kipimo ni kilekile. Wakirudi 11, dhana mpya imesimama, ingawa kwa mtaa huo na wiki hizo tu. Watu 20 hawawezi kukuambia ukubwa wa soko la Nairobi.

Wateja kukuonyesha matumizi usiyoyapanga si jambo geni kwetu. Jaribio la M-Pesa lililoanza mwaka 2005, likiwa na wateja wasiozidi 500 hivi katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, lililenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na ulipaji wa mikopo ukawekwa kando.

Turudi Kayole, maana apu bado haina haja. Tuktuk inalipwa 1,200 kwa safari. Wakiagiza wote 11 siku moja, wanaleta 1,650. Wakiagiza sita, ni 900, na kijana anatoa 300 mfukoni mwake. Swali la mzunguko wa tatu ni kama watakubali siku mbili maalumu za kuletewa, tuseme Jumanne na Ijumaa, na kipimo chake ni kwamba kila safari ibebe mizigo ya watu wanane au zaidi.