Toleo jipya limesakinishwa, mipangilio ya karani imekwenda wapi?

Katika ofisi za mawakala wa forodha ninazozihudumia hapa Mombasa, kompyuta moja ya Windows hutumiwa na makarani wawili au watatu. Kila mmoja ana akaunti yake ya kawaida, na nenosiri la msimamizi analo fundi peke yake. Kujaribu toleo jipya la programu bila kuiga hali hiyo ni kazi bure, na kisa hiki kinaonyesha kwa nini.

Programu ni ya ankara, tuiite Mizigo. Toleo la 3 ni la zamani, la biti 32, na liliandika mipangilio yake ndani ya folda ya programu yenyewe:

```
C:\Program Files (x86)\Mizigo\mizigo.ini
```

Toleo la 4 ni la biti 64, na linaweka mipangilio kwenye folda ya kila mtumiaji, `%APPDATA%\Mizigo`. Waandishi wake walikumbuka kukiambia kisakinishi kinakili faili la zamani na kulipeleka mahali papya. Wakajaribu kwao, kila kitu kikahama salama. Kwa mteja, karani akafungua programu akakuta sarafu ni dola badala ya shilingi, printa si yake, na namba ya ankara imeanza upya kwenye 1. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu ankara mbili zenye namba moja zinaweza kutoka kabla mtu hajagundua.

Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Ili programu za zamani zisikwame, tangu toleo la Vista Windows huzielekeza kwingine kimyakimya. Programu ya biti 32 isiyotangaza kiwango cha ruhusa inachohitaji ikijaribu kuandika pale, faili huwekwa kwenye folda ya mtumiaji huyo iitwayo VirtualStore. Programu nayo huamini imeandika ilipotaka. Kwa hiyo faili lililokuwa Program Files lilibaki kama lilivyokuwa siku ya kwanza, na hilo ndilo lililonakiliwa. Mipangilio halisi ya kila karani ilikuwa kwingine. Waandishi hawakuliona hilo kwa kuwa walifungua toleo la 3 kwa "Run as administrator", na hapo Windows haielekezi kitu.

Kuhakikisha ni rahisi. Ingia kwa akaunti ya karani, kisha:

```
dir /s /b "%LOCALAPPDATA%\VirtualStore"
```

Likitokea `mizigo.ini`, umelipata. Unaweza pia kufungua Task Manager, sehemu ya Details, uongeze safu ya "UAC virtualization": toleo la 3 litaonyesha Enabled.

Dawa inayokuja haraka kichwani ni kukifanya kisakinishi kisome VirtualStore. Haitoshi. Karani asiye msimamizi akianza kusakinisha, fundi huweka nenosiri lake, na kuanzia hapo kisakinishi kinaendeshwa kwa akaunti ya fundi. `%LOCALAPPDATA%` kinayoiona ni ya fundi. Kazi ya kuhamisha mipangilio inapaswa kufanywa na programu yenyewe, kila mtumiaji anapoifungua mara ya kwanza.

Basi jaribio langu huwa hivi. Naandaa kompyuta pepe yenye Windows safi, akaunti moja ya msimamizi na mbili za kawaida, kisha nahifadhi hali yake ili niweze kuirudia. Nasakinisha toleo la 3 kwa kisakinishi chake cha asili. Kila karani anapewa mipangilio isiyofanana na ya mwenzake wala na ile ya kiwandani: mmoja ankara 4071, mwingine 8820. Ukiacha thamani za kiwandani hutajua kama zimehama au zimezaliwa upya. Nasakinisha toleo la 4 kutoka akaunti ya karani wa kwanza kwa nenosiri la msimamizi, kisha nakagua akaunti zote mbili.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka. Ndani ya toleo la 4 nabadilisha printa, nafunga, nafungua tena. Printa ya zamani ikirudi, programu inahamisha mipangilio kila inapofunguliwa na kufuta kazi ya karani kila asubuhi. Inahitaji alama kwamba uhamishaji wa mtumiaji huyu umekwisha.

Kuondoa programu nako kunahitaji macho. Kiondoaji cha toleo la 3 hakijui habari za VirtualStore, kwa hiyo faili hubaki. Ukilisakinisha tena kwa karani yuleyule litaamka na ankara 4071, hata kama Program Files imesafishwa kabisa. Ndiyo maana sikubali taarifa ya "nimeondoa, nimesakinisha upya, tatizo lipo palepale" kama ushahidi dhidi ya toleo lenyewe, mpaka amri ile ya juu irudi bila `mizigo.ini` kwenye akaunti ya karani anayelalamika.