Mmoja analaumu, mwenzake ananyamaza: jinsi tiba ya wanandoa inavyolisimamisha gurudumu hili

Wanandoa wanapokuja kwetu mara ya kwanza, kila mmoja huwa amebeba maelezo kamili ya kosa la mwenzake. Mke atasema, "Huyu haongei. Nikimuuliza jambo anashika simu." Mume atasema, "Huyu hanyamazi. Sijavua viatu nimeshasomewa mashtaka." Wote wawili wanasema kweli. Kinachowapita ni kwamba maelezo hayo mawili ni jambo moja: mke anazidi kuuliza kwa sababu hajibiwi, na mume anazidi kunyamaza kwa sababu anaulizwa hivyo. Ukimsikiliza mke peke yake utaona ugomvi ulianzia kwenye kimya, na ukimsikiliza mume peke yake utaona ulianzia kwenye lawama.

Watafiti wameuita mtindo huu kudai na kukwepa. Andrew Christensen wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ni miongoni mwa waliouchunguza kwa muda mrefu zaidi. Yeye na wenzake waliukuta Marekani, kisha wakaukuta pia Brazili, Italia na Taiwani, ukiambatana na ndoa zisizo na furaha. Mara nyingi anayedai ni mke na anayekwepa ni mume, lakini mwaka 1990 Christensen na Christopher Heavey walionyesha jambo ambalo naona linasahaulika sana. Waliwaomba wanandoa wajadili mambo mawili: moja ambalo mke alitaka mume abadilike, na jingine ambalo mume alitaka mke abadilike. Kwenye jambo la mke, mke alisukuma na mume akakwepa. Kwenye jambo la mume, tofauti hiyo ilififia. Kwa hiyo kulaumu si maumbile ya mwanamke. Anayesukuma ni yule anayehitaji mabadiliko, na anayekaa kimya mara nyingi ni yule ambaye hali ilivyo haimsumbui sana.

Nalisema hili mapema kwa sababu huku kwetu ushauri wa ndoa umezoea kuanzia kwa mke. Kwenye kicheni pati bibi harusi huambiwa ashushe sauti na achague wakati. Ushauri huo una faida zake, lakini ukitolewa upande mmoja tu unamwacha mke na maneno laini na swali lile lile lisilojibiwa. Tumewapokea wanawake waliojifunza upole wote huo, wakaishia kuchoka na kunyamaza nao pia. Nyumba inatulia, na watu wa nje wanadhani mambo yametengemaa.

Nitaeleza kazi yetu kupitia wanandoa nitakaowaita Mama Zuhura na Baba Zuhura. Ni mfano niliouunda kutokana na wengi niliowaona, si watu mahususi. Yeye Mama Zuhura ni mwalimu wa shule ya msingi, na mumewe anauza vipuri vya magari. Wameoana miaka kumi na moja. Ugomvi wao ni ada ya mtoto, ambayo mihula miwili mfululizo imelipwa kwa kuchelewa.

Kabla ya kuwakalisha pamoja, kila mmoja huonana nami peke yake. Ninachotafuta hapo ni hofu. Namuuliza kama amewahi kupigwa, kutishwa, kunyang'anywa fedha au kuzuiwa kutoka, na kama kuna mambo haongei kwa kuogopa kitakachotokea wakifika nyumbani. Jibu likiwa ndiyo, tiba ya pamoja haianzi. Kimya cha mtu anayeogopa kupigwa ni kinga yake, na kumhimiza afunguke mbele ya mwenzake kunaweza kumletea madhara usiku huo huo. Hapo kazi ya kwanza ni usalama wake. Kwa Mama Zuhura na mumewe hapakuwa na dalili hiyo.

Kikao cha tatu niliwaomba wazungumzie ada pale pale ofisini, kama wanavyozungumza nyumbani. Sharti la kazi hii ni kuliona gurudumu likizunguka, maana wakisimulia tu kila mmoja huruka sehemu yake. Mama Zuhura alianza: "Wewe siku zote ni hivyo hivyo. Hujali. Mtoto anarudishwa nyumbani na wewe uko kimya kama vile si wako." Baba Zuhura akaangalia sakafu. Akasema, "Tutaongea." Mkewe akasogeza kiti: "Lini? Kesho ipi?" Hakujibu tena.

Tazama sentensi ile ya kwanza. Ndani yake kuna kero ya haki kabisa: ada imechelewa na hajaambiwa kwa nini. Lakini kero hiyo imefunikwa na hukumu juu ya mtu mwenyewe: siku zote, hujali, si wako. Kero huomba jambo fulani, na hukumu haiachi la kufanya ila kujitetea au kuondoka. John Gottman na Sybil Carrère waliwarekodi wanandoa wapya 124 wakijadili jambo wasilokubaliana kwa dakika 15, kisha wakawafuatilia kwa miaka sita. Katika taarifa yao ya mwaka 1999 walionyesha kwamba dakika tatu za mwanzo tu ziliwatofautisha walioachana na walioendelea. Walioachana baadaye ndio walioanza mazungumzo kwa ukali zaidi.

Hapa niweke tahadhari. Huenda umesoma kwamba mtaalamu anaweza kutabiri talaka kwa usahihi wa asilimia tisini na kitu. Hesabu nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kutokana na wanandoa ambao matokeo yao yalishajulikana, na mwaka 2001 Richard Heyman na Amy Smith Slep walionyesha kwamba kanuni kama hiyo ikipelekwa kwa watu wapya usahihi wake hushuka sana. Mtindo huu ni ishara ya hatari kwa kundi la watu. Hauwezi kumwambia Mama Zuhura kama ndoa yake itavunjika.

Turudi kwa Baba Zuhura, pale anapoangalia sakafu. Mkewe anaona mtu aliyetulia, asiyeguswa. Siku ile nilikuwa nimemvisha kila mmoja kidoleni kifaa kidogo cha kupima mapigo ya moyo. Walipokuwa wanasalimiana, yake yalikuwa 76 kwa dakika. Alipotamka "Tutaongea," yalikuwa 108, na uso haujabadilika hata kidogo. Nikawasimamisha, nikamgeuzia mkewe kioo cha kifaa kile. Akakisoma, akamtazama mumewe, akasema, "Mimi nilidhani hata hunisikii."

Gottman na Robert Levenson waliliona hili katika maabara: mwili ukifurika kiasi hicho, mapigo yakipita 100 hivi mtu akiwa amekaa, uwezo wa kusikiliza na kufikiri jibu hupungua. Mtu hurudia yale yale au hufunga mdomo. Kumwambia aliyefurika "ongea basi" ni kama kumwambia mtu anayekimbia ang'oe mwiba bila kusimama. Ndiyo maana tunatumia mapumziko, na ndiyo maana mapumziko yana masharti.

Anayehitaji kupumzika ndiye anayeomba, na anataja saa ya kurudi: "Nimejaa. Nipe nusu saa, saa tatu tunarudi hapa." Muda usipungue dakika 20, kwa sababu mwili hautulii haraka kama mtu anavyojidhania. Usivuke kesho yake. Katika muda huo hakuna kupanga hoja kichwani. Afue nguo, atembee, asikilize redio, kwa sababu anayekaa kutunga jibu la kumkomesha mwenzake hurudi akiwa amejaa vile vile. Sharti la mwisho ndilo zito: aliyeomba mapumziko ndiye anayerudi na kuyafungua mazungumzo upya.

Sharti hilo likivunjwa, mapumziko hugeuka kuwa jina jipya la kukimbia. Wiki ya kwanza Baba Zuhura aliomba nusu saa, akaenda kijiweni, akarudi saa tano usiku. Mkewe alikuwa amemngoja sebuleni. Mke aliyesikia "kesho" kwa miaka hana sababu ya kuamini nusu saa, na imani hiyo haijengwi kwa maelezo yangu. Inajengwa na mlango unaofunguliwa saa tatu kamili, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Tulikubaliana asitoke nje ya uwanja wa nyumba.

Mapumziko yanazuia moto, lakini hayaelezi kwa nini unawaka. Kwa hilo natumia njia iliyoasisiwa na Sue Johnson na Leslie Greenberg nchini Kanada miaka ya 1980, ya kwenda taratibu hadi kwenye hisia iliyo chini ya tendo. Nilimuuliza Baba Zuhura, "Ukiangalia chini vile, ndani yako kunapita nini?" Akasema hajui. Nikangoja. Kungoja ni nusu ya kazi yenyewe, na mshauri anayejaza kimya kwa maneno yake humnyima mtu nafasi ya kujitafuta. Baadaye akasema, "Daktari, dukani nimeingia deni. Nikifungua mdomo lazima niseme. Nikisema, ataona nimeshindwa." Nikamwomba amwambie mkewe moja kwa moja, si mimi. Akamwambia, sauti ikikatika.

Mama Zuhura hakulainika papo hapo. Alikasirika kwanza kwa kufichwa, na nilimwachia hasira hiyo kwa sababu ilikuwa na haki yake. Kisha akasema lake: "Ukikaa kimya naona kama nalea peke yangu kwenye nyumba ya watu." Hakuna neno la kulaumu ndani yake, na mumewe aliinua kichwa.

Baada ya hapo ndipo tulipofanyia kazi sentensi ya kufungulia. Ningeanza nayo ingekuwa kumfundisha mke adabu tu. Sasa alijua anaomba nini: "Baba Zuhura, nina wasiwasi na ada ya muhula huu. Jumapili tukae, unionyeshe dukani pameingia kiasi gani na deni limebaki kiasi gani." Kuna hisia yake, jambo lenyewe na ombi linaloweza kutimizwa. Na mumewe alipewa sehemu yake yenye uzito ule ule: kulileta jambo la fedha yeye mwenyewe kabla hajaulizwa, mara moja kwa wiki.

Tiba hii ina mipaka yake. Christensen na wenzake waliwatibu wanandoa 134 waliokuwa kwenye migogoro mizito ya muda mrefu, hadi vikao 26 kila jozi, wakilinganisha njia mbili. Miaka mitano baadaye karibu nusu walikuwa na hali bora kwa kiwango kinachopimika, na takribani robo walikuwa wameachana. Wengine huja wakiwa wamechelewa sana, na wengine hugundua vikaoni kwamba hawataki maisha ya aina moja. Nchini Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hupeleka mgogoro kwenye baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Wengi huomba tiba wakiwa wameshafika huko, wakati mmoja wao ameshakata tamaa kimya kimya.

Mama Zuhura na mumewe walikuja vikao kumi na nne. Katika kikao cha kumi na mbili walisimulia ugomvi wa wiki hiyo, mkali, wenye "siku zote" na "hujali" kama zamani. Mume alitoka chumbani. Baada ya dakika kama arobaini alirudi na daftari la duka, akaketi kitandani, akasema, "Tuanze na deni." Waligombana tena kidogo juu ya hesabu zenyewe.